Kuta Nyeupe Ndani ya Ini

Kwenye benchi la wanaosubiri utrasaundi, Mudathir alikuwa mwanamume peke yake kati ya wajawazito saba. Alikaa ameweka kilemba chake mapajani kuficha tumbo, na njaa inamkereketa, maana aliambiwa aje hajala kitu tangu usiku.

"Ya kwako miezi mingapi, kaka?" mwanamke mmoja akamchokoza.

"Wa tisa huu," akajibu Mudathir. "Na mwenyewe kanikimbia."

Benchi zima likacheka. Mama yake, Batul, hakucheka. Yeye ndiye aliyemburuta mpaka hospitali hii ndogo ya tarafa, baada ya wiki tatu za kumwona akila matonge matatu ya mkate wa kisra na kusukuma sinia. "Nimeshiba, mama." Mtu aliyeshinda shambani tangu alfajiri anashibaje kwa matonge matatu? Halafu kulikuwa na lile jambo la upande wa kushoto, chini ya mbavu, gumu kama jiwe la kusagia. Alikuwa ameligusa siku alipomkanda kwa mafuta ya ufuta, na usiku ule hakulala.

Hakulala kwa sababu mkono wake ulikwisha kuligusa jiwe kama lile zamani, kwenye mwili wa mtu mwingine. Hilo hakumwambia yeyote.

"Mudathir Babikir!" sauti ikaita.

Daktari Ikhlas alikuwa msichana wa Wad Medani, mwembamba, macho yenye uchovu. Alimlaza Mudathir chali, akampaka ute baridi tumboni hadi akashtuka, akaanza kuteleza na kile kifaa chini ya mbavu za kulia. Vuta pumzi. Ishike. Achia. Geukia kulia. Vuta tena. Batul alisimama pembeni, pindo la taubu lake la kujitanda amelibana mdomoni. Kwenye kioo hakuona kitu ila moshi wa kijivu.

Daktari alipima, akaandika, akapima tena mahali palepale. Mtu akipima mara mbili, mama hujua.

"Kaka, unaoga wapi?" daktari akauliza.

"Kwenye mfereji. Kama watu wote."

"Na udhu?"

"Kwenye mfereji, daktari. Sala ikinikuta shambani niende wapi, Makka?"

"Uliwahi kupewa vidonge vya kichocho?"

"Shuleni. Walitusimamisha kwenye fimbo, wakatupima urefu, mrefu anapewa vingi. Nilijinyanyua kwa vidole ili wanione mkubwa." Akacheka. "Na mwezi uliopita nilipima choo, hawakuona kitu. Hii ni bandama ya malaria tu. Mama ana wasiwasi, ndiyo kazi yake."

Daktari hakucheka naye. Akageuza kioo kimwelekee.

"Tazama hapa. Hili ni ini lako. Unaona hizi duara nyeupe, na hizi ndefu kama mabomba?"

"Naziona."

"Hiyo ni mishipa inayoingiza damu kwenye ini. Ini la mtu mwenye afya kuta zake huwa nyembamba, huzioni hivi. Zako zimenenepa, kila tawi limevaa koti. Malaria inaweza kuvimbisha bandama, lakini haijengi kuta hizi. Hizi ni za kichocho cha tumbo."

"Lakini choo kilikuwa safi."

"Choo kinaweza kuwa safi. Minyoo mingine imezeeka, mingine imekufa. Jeraha limebaki." Akavuta kiti. "Unalima nini?"

"Ngano sasa hivi. Na karanga."

"Basi sikiliza. Ukiingia kwenye maji, vijidudu vilivyotoka kwa konokono vinapenya ngozi yako. Vinakua vinakuwa minyoo, dume na jike, vinakaa kwenye mishipa ya utumbo, miaka na miaka. Jike anataga. Mayai mengine unayatoa chooni. Mengine yanachukuliwa na damu mpaka kwenye ini, na huko mishipa ni myembamba, yanakwama. Mwili unayazungushia kovu. Yai juu ya yai, kovu juu ya kovu."

Mudathir aliinuka kwa kiwiko, ute unamchuruzika ubavuni. Akakikodolea macho kioo kama anavyoyakodolea maji yanayochelewa kufika.

"Kama tope," akasema. "Mfereji mdogo usiposafishwa, tope linashika ukingoni, njia inabana."

"Ndiyo hivyo hasa."

"Na maji yakibanwa yanarudi juu."

"Yamerudi kwenye bandama. Tazama." Akasogeza kifaa kushoto. Kitu kikubwa cheusi kikajaza kioo kizima, kisiishe. "Bandama ya mtu haizidi sentimita kumi na mbili, kumi na tatu. Yako ina kumi na tisa. Ndiyo inayolibana tumbo lako, ndiyo maana hushibi ila unajaa. Na damu nyingine imejitafutia vichochoro, imeingia kwenye mishipa midogo iliyozunguka koo la chakula, hapa chini ya kifua. Mishipa ile haikuumbwa kubeba maji mengi hivyo."

Mkulima wa mifereji hahitaji kuambiwa kinachofuata.

"Ukingo unavunjika," akasema.

"Unavunjika. Na mtu anatapika damu. Wengine hawafiki hospitali." Daktari alisema polepole. "Sijui kama mishipa yako imefika huko. Mimi na mashine hii hatuoni ndani ya koo. Ninakuandikia barua ya hospitali kuu ya Medani. Watapitisha kamera, wakiikuta mishipa imevimba wataifunga kwa mipira midogo. Nenda kesho."

"Kesho ni Jumanne," akasema Mudathir, akishuka kitandani na kujifuta kwa kitambaa. "Zamu yangu ya maji ni Jumatano hadi Ijumaa. Ngano iko kwenye kutoa masuke, nikiikosesha maji sasa nimeiua. Nitakwenda wiki ijayo, inshallah."

"Kaka—"

"Daktari, siumwi. Nabeba gunia begani peke yangu. Damu ya kupima ini mliichukua asubuhi, mkasema ni nzuri."

"Ni nzuri kwa sababu nyama ya ini yenyewe bado inafanya kazi. Ndivyo ugonjwa huu unavyodanganya watu."

"Wiki ijayo," akasema, na akavaa kanzu yake. Batul alimjua. Shingo ile ilikuwa ya baba yake, haigeuki kwa kuvutwa.

Daktari akashusha pumzi, akachukua kalamu. "Basi angalau niambie, kuna dawa yoyote unayotumia?"

"Hakuna."

Batul akasogea mbele.

"Ipo," akasema.

Wote wawili wakamgeukia.

"Asprini. Ya dukani. Nampa mbili kila jioni akirudi shambani, mgongo unamsumbua. Naiyeyusha kwenye chai kwa sababu hapendi vidonge."

"Mama!"

"Tangu lini?" daktari akauliza.

"Tangu mavuno ya mtama."

Kalamu ya daktari ilisimama. "Mama yangu, acha leo hii. Asprini inachubua tumbo na inaizuia damu isigande. Kwa mtu mwenye mishipa kama hii, ni kama kuchimba ukingo kwa jembe."

Batul akakaa chini, sakafuni, palepale kwenye saruji. Daktari alidhani amezimia, akainama kumshika. Hakuzimia. Alikuwa anasikia beseni la shaba likiwekwa chini, miaka ishirini na mbili iliyopita, adhuhuri, wakati wa kuchuma pamba.

"Baba yako hakufa kwa moyo," akasema.

"Unasema nini, mama?"

"Nilisema moyo. Bibi yako alisema moyo, dada yangu akasema moyo. Hakufa kwa moyo, Mudathir. Alirudi shambani anashika tumbo, akaomba chai. Nikampa chai na asprini zake mbili, kama kila siku. Kabla hajaimaliza alitapika. Nilidhani ni bamia aliyoila asubuhi. Ilikuwa damu, mwanangu, nyeusi kwanza, halafu nyekundu, beseni likajaa. Aliniangalia tu. Hata adhana ya alasiri haikumkuta."

Mkono wa Mudathir ulibaki kwenye kishikizo cha shingo ya kanzu.

"Kwa nini ulificha?"

"Unawajua ami zako. Mwanamume akitapika damu, watu hutazama mkono uliompikia. Walikwisha kusema nimemfunga ndugu yao kwa dawa za wanawake, kwa vile alikuwa hanifokei. Wangeliona lile beseni wangeninyang'anya ninyi. Basi tuliliosha. Tukafukia mkeka nyuma ya zizi. Wageni walipokuja kuhani walimkuta msafi." Sauti ikamkatika. "Na lile jiwe. Alikuwa nalo upande huohuo. Nilikuwa nikimkanda."

Nje wajawazito waliendelea kucheka. Daktari Ikhlas aliusukuma mlango taratibu, akaufunga.

"Mama, hukumuua wewe," akasema. "Ni mayai. Ila ungesema, huyu tungempima akiwa na miaka kumi na tano."

Hakusema kwa ukali, na kwa hiyo lilimchoma zaidi.

Mudathir aliichukua barua mezani. Alitoka bila kumshika mama yake mkono, na Batul alimfuata nyuma hatua kumi, kama mgeni. Walipofika kijijini hakuingia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Hamdan, jirani wa shamba la chini, mtu ambaye hawakusalimiana tangu ugomvi wa maji wa mwaka juzi. Batul alisimama uani akawasikia.

"Wewe! Umekuja kunishtaki tena?"

"Nimekuja kukupa zamu yangu. Siku tatu zote. Unimwagilie ngano yangu, halafu maji yanayobaki ni yako."

"Una nini wewe? Umeshikwa na malaika?"

"Nimeshikwa na ini. Baba alikufa kwa hilo. Na wewe unaoga mfereji mmoja na mimi, mjinga wewe, nenda ukapimwe."

Basi siri ya miaka ishirini na mbili ikatolewa hivyo, kwa sauti kubwa, juu ya ukuta wa udongo, na kabla ya magharibi ami zake wote walikwisha kuisikia. Mkubwa wao alikuja mpaka mlangoni, akamtazama Batul kwa muda mrefu, akaondoka bila salamu. Mpaka leo hajarudi.

Medani walimpitishia kamera siku ya Alhamisi. Waliikuta mishipa minne ya koo imevimba, mmoja una alama nyekundu juu yake. Tabibu alisema ule usingengoja wiki. Waliifunga yote kwa mipira, wakampa vidonge vya kupunguza nguvu ya damu kwenye mishipa hiyo, avinywe kila siku, na dawa ya kuua minyoo iliyobaki. Makovu hayo, walisema, dawa haiyafuti upesi, na mengine hayafutiki. Arudi baada ya wiki tatu wafunge tena.

Alilala ubavu, koo linamuuma, amekatazwa kula kigumu. Batul alikaa kwenye ukingo wa kitanda na bakuli la uji uliopozwa. Tangu hospitali ya tarafa Mudathir hakumsemesha, na Batul hakumlaumu kwa hilo.

Akameza kijiko cha kwanza kwa shida. Cha pili. Kisha akamshika kifundo cha mkono, kwa nguvu, mpaka uji ukamwagika shukani.

"Alisema nini?" akauliza kwa sauti ya kukwaruza. "Baba. Mwisho."

"Hakuweza kusema, mwanangu."

"Basi alimwangalia nani? Wewe tu?"

"Na wewe. Ulikuwa umetoka shule. Nilikutuma kisimani, usione."

Hakumwachia mkono. Alifumba macho, na Batul akaanza kumweleza tangu asubuhi ya siku ile, kidogo kidogo, bila kuruka kitu.