Turubai la Jirani

Minay hakuwa mtu wa kujipamba, na hilo ndilo lililomfurahisha Dindo, mpwa wake aliyekuwa akifanya kazi za matangazo Manila. Alikuja mkoani Iloilo kumsaidia shangazi yake kugombea udiwani wa mji wao mdogo. Siku ya kupigwa picha, mpiga picha alitaka kumjazia pengo la jino kwa kompyuta. Dindo, aliyemwita Tita, yaani shangazi, akakataa katakata.

"Wakikukuta sokoni una sura nyingine, Tita, watasema hata maneno yako yamepakwa rangi."

Basi pengo likabaki, na picha ikawa hiyo hiyo moja kila mahali, juu ya rangi ile ile ya kijani. Jina nalo likawa lile ambalo watu wangelikuta kwenye karatasi ya kura, Manang Minay, dada mkubwa wa kila mtu. Chini yake yaliandikwa maneno manne: Jirani yako, mlango wazi. Kila hotuba ilianza nayo na kuishia nayo. Minay aliyachoka mapema.

"Ukiyachoka wewe, ndiyo kwanza wao wanaanza kuyasikia," Dindo alimwambia.

Na kweli, watoto wakawa wanamwitikia "Mlango wazi!" kabla hajashuka garini. Wala halikuwa jambo la kubuni. Kigari chake cha mizigo ndicho kilichokuwa gari pekee pale kichochoroni, na kwa miaka yote mgonjwa yeyote alipozidiwa, watu waligonga kwa Minay. Dindo aliyaokota tu maneno hayo midomoni mwa watu.

Ila kampeni ina miguu mirefu. Asubuhi moja walikuwa vijiji vya milimani, kigari kimejaa mabango, Minay anahutubia akina mama chini ya paa la uwanja wa mpira wa kikapu, pale Rudy, mume wa Nenita wa nyumba ya mkabala, alipoanguka jikoni. Nenita alivuka njia mbio. Mlango aliukuta wazi kama ulivyotangazwa, nyumba tupu, gari halipo. Mpaka pikipiki ya abiria ikapatikana na kufika hospitali, Rudy alishakata roho.

Minay aliporudi jioni na kupewa habari, hakuingia hata ndani kwake. Alivuka njia. Nenita alimtazama, kisha akaendelea kukunja nguo za marehemu. Minay alirudi kwake, na usiku mzima hakulala. Kura hakuzifikiria hata kidogo. Aliogopa kwamba amempoteza Nenita.

Kesho yake mchana alikwenda tena, mikononi ana kopo la biskuti na kahawa ya waombolezaji. Hatua chache kabla ya ua, akasimama. Juu ya jeneza lililowekwa uani, kutoka ukutani hadi kwenye nguzo, lilikuwa limetandazwa turubai la kijani, na yeye mwenyewe yumo, anacheka na pengo lake. Rambirambi kwa familia. Manang Minay. Jirani yako, mlango wazi.

Dindo alikuwa pembeni akinywa kahawa. Minay alimvuta mkono.

"Umeleta nini hiki?"

"Rambirambi, Tita. Kila msiba tunapeleka, wagombea wote wanapeleka. Sheria inabana ukubwa wa mabango ya kura, ya rambirambi haiyagusi."

"Ninacheka, Dindo. Mtu amekufa, mimi nacheka."

"Picha ni moja. Tulikubaliana."

Tulikubaliana. Neno hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa la kweli. Kwenye meza ya waombolezaji waliokuwa wakicheza karata kupitisha muda, mzee Poldo aliinua macho, akaliangalia turubai, akamwangalia yeye.

"Siku ya shida hayupo hata mmoja. Leo wamekuja wawili," alisema, akatupa karata yake. Wenzake waliinamisha vichwa.

Uso wa Minay uliwaka kwa aibu. Aliweka kopo chini, akapanda kwenye benchi, akaanza kufungua kamba. Kona moja ililegea, na jua la Aprili likaangukia kioo cha juu ya jeneza, pale pale usoni pa Rudy.

"Acha, Manang," Nenita alisema kutoka kitini pake. "Anapigwa na jua."

"Nitaleta jingine, Nenita. Nitaleta jeupe, sasa hivi."

"Usiende popote. Lifunge."

Minay alilifunga upya, akashuka, akapiga magoti mbele ya kiti. "Ningekuwepo," alisema. "Naapa, ningekuwepo." Yale maneno manne aliyoyazoea yalikuwa juu ya kichwa chake, na asingeweza kuyatamka.

Nenita aliinua macho kuitazama ile sura ya kijani inayocheka.

"Huyu mwache," alisema. "Huyu angalau hatoki."