Bei ya Kaleli ya Nafasi Mbili

Mume wangu Kaleli ni mtu wa kupenda hesabu ambaye hesabu haimpendi. Nasema hivi mapema ili usije ukamhurumia kabla ya wakati.

Mwaka ule redio ilikuwa haiachi kutuambia El Niño inakuja, mvua ya kuzoa watu. Sisi tulikuwa na nyumba Witeithie iliyofika kwenye linta juu ya madirisha, kuta tupu zikitazama juu, na bati zake zilikuwa zimelala nasi katika chumba cha kupanga Kiandutu. Zilisimama kando ya kitanda. Ukigeuka usingizini zinakukwaruza goti. Nilizipenda hizo bati kuliko nilivyopenda watu fulani, na fundi wa kuziezeka alikuwa aje Jumatatu.

Jumamosi ile timu ya Ngozi ya Thika walicheza na Buni ya Ruiru, uwanja wa mjini. Kaleli alikuwa na kibanda cha kubashiri nje ya ukuta wa uwanja, nami kando yake nachoma mahindi. Kwenye ubao aliandika kwa chaki kile ambacho shilingi kumi ingerudisha: Ngozi wakishinda, ishirini. Sare, thelathini. Buni wakishinda, hamsini. Hapo sikuwa na neno. Bei hizo alizipima vizuri, anaujua mpira.

Lakini chini yake akaongeza kitu kipya alichokisikia Nairobi kwa binamu yake: nafasi mbili. Unanunua matokeo mawili kwa kadi moja, lolote kati yao likitokea umeshinda. Ngozi au sare, kumi inarudisha kumi na mbili na nusu. Sare au Buni, ishirini. Ngozi au Buni, yaani yeyote ashinde mradi isiwe sare, kumi na saba na nusu.

"Hizi umezitoa wapi?" nikamuuliza.

"Najumlisha bei mbili, nagawanya kwa nne," akasema. "Kwanza napata ya katikati. Halafu nakata nusu kwa sababu mtu amejikinga mara mbili. Si ni kawaida?"

Nilikuwa nageuza mahindi, moshi machoni. Nikamwacha.

Saa nane hivi wakaja vijana wa chuo, kundi kutoka Kahawa Wendani, pesa zao za mkopo zimetoka juzi. Msemaji wao aliitwa Nzomo, mrefu, miwani, adabu nyingi.

"Niaje mkubwa. Tupe Ngozi au Buni, elfu ishirini na nne."

Kaleli akameza mate. Kisha mwenzake mmoja akasogea: "Mimi nipe sare. Elfu kumi na nne."

Basi mume wangu akachanua. Walipoondoka akaninong'oneza, "Umeona wasomi? Huyu anasema hakuna sare, yule anasema ni sare. Wanakulana wenyewe kwa wenyewe! Mimi nimekaa tu katikati."

Nami, Mungu anisamehe, nikacheka naye.

Filimbi ilipolia, kelele zikapanda ukutani. Hapo ndipo nikaona jambo lililoninyima raha: wale vijana hawakuingia uwanjani. Walivuka barabara wakaagiza nyama choma, wakakaa wametupa mgongo. Mtu ameweka pesa zote hizo, na mpira uko hatua chache, anachagua ubavu au mguu wa mbuzi?

"Kaleli, mbona hawa hawaangalii?"

"Labda mioyo yao haiwezi."

Moyo gani! Walikuwa wakicheka. Nikasimama, nikaketi, nikaungua kidole. Mwishowe nikapukuchua punje thelathini za mahindi, nikazipanga juu ya sinia.

"Njoo hapa. Tuseme mechi hii inachezwa mara thelathini. Bei yako ya ishirini inasema Ngozi wanashinda mara ngapi?"

"Nusu. Kumi na tano."

"Sare, kwa thelathini?"

"Theluthi. Kumi."

"Buni, kwa hamsini?"

"Moja kwa tano. Sita." Akahesabu midomoni. "Lakini hizo ni thelathini na moja."

"Hiyo moja iliyozidi ndiyo ugali wetu. Hapo uko sawa. Sasa, mtu akinunua Ngozi au Buni, amenunua punje ngapi?"

"Kumi na tano na sita. Ishirini na moja."

"Ishirini na moja kati ya thelathini. Kumi yake ingerudisha kumi na nne na kidogo tu. Nafasi zinajumlishwa, Kaleli, si bei! Wewe umeandika kumi na saba na nusu. Umemuuzia punje ishirini na moja kwa bei ya punje kumi na saba."

Akatazama sinia. Nikazisogeza punje kumi na saba upande mmoja, kumi za sare zikafuata. "Hizi ishirini na saba ndizo walizolipia. Wamechukua ngapi?"

"Zote thelathini," akasema, na sauti yake ikaniuma.

Ile nyingine ya Ngozi au sare alikosea kidogo tu, ndiyo maana macho hayakushtuka. Kosa kubwa lilikuwa pale palipokosekana sare, kwa sababu bei kubwa ya Buni iliibeba ile ya katikati juu.

Uwanja ukalipuka. Ngozi wamefunga. Kaleli akaruka, kisha akaganda.

"Hii ni nzuri kwetu ama?"

"Ngozi wakishinda, ni kumi na saba na nusu mara elfu mbili mia nne."

"Elfu arobaini na mbili."

"Na ikiwa sare? Thelathini mara elfu moja mia nne."

Akafunga macho. "Arobaini na mbili." Walikuwa wametulipa elfu thelathini na nane; iwe vyovyote, tulipungukiwa elfu nne. Wengine wote waliobashiri siku hiyo walikuwa wa kumi kumi, wakipishana.

Alianza kuzunguka kibanda. Akaenda ukutani, akarudi. Akashika ubao kana kwamba chaki ikifutwa kadi zitafutika. Nimemwona akiomba katika mechi nyingi, mara Ngozi, mara wageni, kila mwenye kibanda ana lake la kuombea. Siku ile alinigeukia na macho ya mtoto aliyepotea sokoni.

"Mwelu, niombe nini?"

"Hakuna."

"Tukimbie basi."

"Na tuishi wapi? Kiandutu wanatujua hadi rangi ya blanketi." Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira niliogopa sana. Nikafungua kitenge nikakifunga upya. "Naenda kwa Waceke wa hadwea, anayeuza vifaa vya ujenzi. Atazinunua bati kwa elfu nne, alizitamani tangu zamani."

"Subiri kwanza mpira uishe!"

"Niusubiri wa nini?"

Nikaondoka nikiwaacha watu elfu nyuma yangu wakipiga kelele kwa jambo ambalo kwangu lilikuwa limeshaisha. Waceke alikuja chumbani kwetu na mkokoteni, akazihesabu bati mara mbili, akasema pole bila kuuliza. Chumba kilibaki kipana hata sikujua nisimame wapi.

Niliporudi watu walikuwa wakimwagika langoni. Vijana wa chuo walivuka barabara, wakipangusa midomo, kadi zao mkononi, seti mbili, kila moja imefungwa kwa mpira wa nywele. Nzomo alizishika zote mbili, akisita ni ipi aitoe.

"Mzee, nani ameshinda?"

Kaleli alipokea noti kutoka mkononi mwangu, akaziweka juu ya zile nyingine, akazinyoosha.

"Wewe," akasema.

Tone la kwanza la mvua lilianguka juu ya ubao, kwenye ile kumi na saba na nusu.