Karatasi Mbili za Fundi

Katika shirika letu la elimu, kazi yangu ilikuwa kuandika karatasi mbili za matangazo. Ya mtaani ilisema: "Kozi ya Jioni kwa Wafanyabiashara. Njoo ukuze kazi yako." Ya wafadhili ilisema: "Mtoe mama mmoja gizani."

"Ukiwaita wajinga hawaji," mkurugenzi alinieleza. "Ukisema wanajiweza, hakuna anayechanga."

Nilimwelewa. Mimi mwenyewe nilijifunza kusoma nikiwa na miaka thelathini na minne, na nilimwomba Mungu sana hadi nikapata ujasiri wa kuingia darasani.

Kwa ile karatasi ya mtaani nilimpata fundi cherehani wa nyuma ya soko. Wateja na wakwe zake walijua anasomea biashara, si kusoma na kuandika. Wiki ya kwanza nilimpa fomu ya ruhusa ya picha.

"Ni ya kumbukumbu zetu tu, dada."

Akaweka dole gumba.

Miezi minane baadaye, wiki mbili kabla ya mtihani, wafadhili walitutembelea. Wanafunzi walialika ndugu zao. Fundi alikuja na wifi yake. Mgeni mmoja, kwa upendo kabisa, akagawa vipeperushi vya wafadhili, picha ya fundi ikiwa mbele.

"Eti fundi, umekuwa staa!" mwuza mkaa mmoja, mwanafunzi mwenzake, akapiga kelele. "Hebu tusomee!"

Fundi akasimama akicheka. Akasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari.

"Mama huyu hawezi kuandika hata jina lake. Watoto wake wanamwonea haya."

Hakukwama hata kwenye neno moja. Sikuwahi kumsikia akisoma vizuri vile. Wageni wakapiga makofi. Wifi yake akainamisha kichwa.

"Wanangu hawajawahi kunionea haya," fundi akasema. "Nani kaandika?"

Nilitazama sakafu.

Hakurudi darasani. Siku ya nne nilimfuata kibandani, nikisali njia nzima. Mteja mmoja alikuwa akipimwa kiuno.

"Andika vizuri, fundi, usije ukanishonea gauni la jirani! Au nikuandikie mimi?"

Zamani angemjibu hadi mtaa mzima ucheke. Sasa aliandika tu.

Mteja alipoondoka nikasema, "Dada, ni mimi niliyeandika. Nisamehe. Rudi ufanye mtihani."

"Nimekusamehe. Lakini ulijua nilichokuwa naogopa. Wewe hasa ulijua."

Akachana ukurasa kwenye daftari la vipimo, akaandika polepole, akanipa. *Sikuelezwa picha yangu itapelekwa wapi. Naiondoa ruhusa yangu.* Chini yake, jina lake kamili, herufi zimelala sawasawa kwenye mstari.

Nilimpelekea mkurugenzi ukurasa huo. Akausoma mara mbili.

"Mwandiko mzuri," akasema kwa upole. "Picha tutaiondoa toleo lijalo. Vipeperushi hivi vimeshasambazwa."

Siku ya mtihani niliweka karatasi na kalamu kwenye dawati la fundi, nikaomba aje. Muda ulipokwisha nikaikusanya ikiwa tupu.