Video ya Dakika Moja

Kaka yangu ni fundi cherehani, anashinda kwenye kiti kuanzia asubuhi. Daktari alimwambia presha yake haimsubiri mtu, aanze mazoezi. Akaanza mara mbili. Mara zote mbili alitoka mbio kama anafukuzwa, akarudi ameshika mbavu, akaapa hakimbii tena maisha yake yote.

Mimi ndiye kocha wa mbio katika familia, na hanisikilizi. Hilo linanichosha kuliko mbio zenyewe.

Jumamosi ile kliniki anakotibiwa iliniomba video ya dakika moja kwa wanaoanza kukimbia. Aliyeahidi kunipiga picha hakutokea, basi nikamburuta kaka uwanjani. Kazi yake moja tu: ashike simu, aende sambamba nami huku nikikimbia na kusema: Kimbia polepole, dakika moja. Tembea mbili. Rudia mara nane. Ukishindwa kusema sentensi nzima bila kuhema, punguza mwendo. Mwishoni, neno la kutia moyo.

Mara ya kwanza alinipiga picha za miguu tu. Tukatembea hadi tulipoanzia. Mara ya pili kidole chake kilikuwa mbele ya kamera. Tukarudi. Ya tatu akanikatiza kusema huu si mwendo wa kukimbia, hata kobe angeona aibu. Nilikuwa nimeshachemka, lakini nikarudi.

Ya nne na ya tano akalalamikia viatu. Ya sita ilikuwa safi mpaka nilipofika kwenye neno langu la mwisho, "Leo ndiyo mwanzo wa ushindi wako," akacheka mpaka simu ikatikisika. Akasema hayo ni maneno ya kwenye kalenda. Ya saba akanieleza, hatua kwa hatua, habari za mteja aliyerudisha suruali mara tatu. Ya nane nami nikasahau maneno, kwa hasira.

Nikamnyang'anya simu nione kama kuna chochote cha kuokoa. Hakikuwepo. Kila kipande ni dakika moja, na kila dakika sauti yake imefunika yangu, inanung'unika bila kukatika.

Nikavihesabu vipande tena. Machozi yakanilenga, nikamkasirikia kwa hilo pia.

"Kaka, umekimbia mara nane."

"Nani? Mimi nilikuwa nashika simu."

Nikamwonyesha. Akatazama vyote vinane, amesimama, mkono hauko mbavuni. Kisha akaigeuza simu imtazame yeye.

"Mimi nimeshindwa mara mbili," akaiambia. "Leo nimekimbia nikimsema dada yangu njia nzima. Wewe uliyeshindwa, njoo polepole, na umlete wa kumsema."

Kliniki nikawapelekea hiyo, na maneno yangu ya kalenda nikayafuta.