Mguu wa Twiga

Kioo kikubwa hubebwa na watu wawili, na kila mmoja hukabidhi shingo yake kwa mwenzake. Hilo Twiga alilijua vizuri. Ndiyo maana tangu Jumatatu ile alikuwa akifika karakanani kwa woga, kama mtoto siku ya mtihani.

Twiga lilikuwa jina la utani, kwa sababu ya urefu. Kazi ya vioo alitafutiwa na shemeji yake, mume wa dada yake, na yeye na shemeji ndio waliobeba vioo pamoja kila siku: shemeji mbele, Twiga nyuma. Jumatatu hiyo walikuwa wakivuka uwanja wa karakana, sakafu tupu isiyo na hata kokoto, pale kifundo cha mguu wa kushoto kilipojipindia ndani chenyewe. Hakuteleza wala hakujikwaa. Kioo kiliruka, na pembe yake ya juu ikapita kando ya ukosi wa shemeji, karibu kiasi cha kunyoa nywele.

“Huu upepo una kisirani!” shemeji alisema akicheka.

Twiga naye akacheka. Funika kombe mwanaharamu apite. Ila mchana kutwa hakuweza kula.

Mguu huo uliteguka mara ya kwanza kwenye mpira wa miguu. Aliukanda kwa maji ya moto, uvimbe ukaisha, akarudi uwanjani siku hiyohiyo aliyoacha kuchechemea, akijiona shujaa. Ukateguka tena ukingoni mwa barabara, tena bafuni, kisha akaacha kuhesabu. Sasa ulikuwa unajipinda hata akigeuka kumwitikia mtu. Mguu ni wake lakini anautembelea kama wa kuazima.

Alhamisi aliaga kwamba ana jino bovu, akaenda hospitali. Mtaalamu wa viungo alikuwa mama mfupi mwenye mikono ya mkanda unga, asiye na subira na watu wazima wanaodanganya. Alikishika kisigino cha Twiga akakivuta mbele, kisha akakiinamisha ndani, halafu akafanya vivyo hivyo mguu wa kulia. Hata Twiga mwenyewe aliona tofauti. Wa kushoto ulilegea kama bawaba iliyokwisha.

“Mfupa mzima,” mama alisema. “Kano za nje ndizo zimevutika, na hukuwahi kuzipa mazoezi. Sasa simama kwa mguu huu mmoja. Haya. Fumba macho.”

Alifumba. Chumba kizima kikapinduka. Alijikuta ameng’ang’ania bega la mama yule, aibu imemjaa.

“Umeona? Ulikuwa unasimama kwa macho, si kwa mguu. Kifundo kikianza kupinda kinatakiwa kipeleke habari, na misuli ya upande wa nje ivute haraka. Chako habari zinachelewa. Misuli ikiamka, wewe uko chini tayari. Unafanya kazi gani, mwanangu?”

Twiga akamwambia. Mama akaacha kuandika.

“Mwenzako anajua?”

“Nikimwambia atanitoa kwenye vioo, mama. Nitabaki kufagia.”

“Basi fagia. Mficha uchi hazai. Kwa sasa beba vitu ambavyo ukianguka navyo utaumia peke yako.”

Alimpa kazi za nyumbani: kusimama kwa mguu mmoja, kwanza sakafuni, baadaye juu ya godoro lililokunjwa, baadaye huku akidaka mpira, kunyanyua visigino, kusukuma mguu kwa nje dhidi ya utepe wa mpira. Akampa na kifunga kifundo, kitu kama soksi ngumu yenye kamba na mikanda inayozunguka kisigino. Avae kazini, hakitaifanya misuli iwe mivivu mradi mazoezi yanaendelea. Ila kitambaa hakifanyi mazoezi kwa niaba ya mtu.

Dada yake alimkuta uani amesimama kwa mguu mmoja, akamwita korongo, akamuuliza kama anasubiri samaki. Twiga akasema ni mazoezi ya kupunguza tumbo. Tumbo lenyewe hana.

Kifunga kifundo hakikuingia ndani ya buti la kazi. Angeweza kuomba buti kubwa zaidi, lakini angeulizwa sababu. Akakiacha kwenye mfuko, na kila asubuhi akajiambia kwamba leo vioo vitakuwa vidogo.

Wiki iliyofuata kilikuja kioo cha duka, orofa ya pili, kwa ngazi. Shemeji alishika mbele juu, Twiga nyuma chini, ulipoegemea uzito. Ngazi ya kwanza. Ya pili. Walipokaribia katikati, mguu wa kushoto ukaanza kutetemeka. Hakuweza kuutazama, kwa maana kioo kilikuwa mbele ya macho yake, na ng’ambo ya kioo aliona ukosi wa shemeji, na mstari mwembamba wa jasho ukiteremka. Akapandisha mguu tena, na kifundo kikayumba kidogo tu, ule uyumbaji anaoujua.

“Shemeji, tua.”

“Nini? Tumefika katikati!”

“Tua! Tua sasa hivi!”

Walikitua juu ya ukingo wa ngazi, glavu zikiwa chini yake. Shemeji akageuza uso umewiva kwa hasira.

“Una wazimu?”

“Mguu wangu unajipinda,” Twiga alisema, na machozi yakamtoka bila ruhusa. “Siku nyingi. Jumatatu ile haukuwa upepo.”

Shemeji aliupeleka mkono wake taratibu nyuma ya shingo, akauacha hapo. Kisha akaita mafundi wengine kwa sauti ya kawaida kabisa, na kioo kikapandishwa bila Twiga.

Jioni walikaa kwenye kibaraza cha karakana. Twiga alitegemea matusi.

“Ungeniambia ningekucheka mwezi mzima,” shemeji alisema. “Ndiyo. Bora ungeniacha nicheke.”

Akaondoka. Hakumwambia dada mtu neno, na hilo lilimuuma Twiga kuliko matusi.

Twiga alifagia. Alikata kadibodi za kufungia vioo, akapewa buti pana, akafunga kamba za kifundo mbele za watu, wakamtania wakachoka. Kila jioni alipanda juu ya godoro akafumba macho, akaanguka, akapanda tena. Ilichukua wiki nyingi kuliko alivyotaka. Mwishowe mama wa hospitali alimrukisha kwa mguu mmoja, akamwamuru anyooshe mguu wa pili mbele na pembeni mbali awezavyo, akalinganisha kushoto na kulia.

“Hakuna tofauti ya kunitisha,” alisema. “Kabebe. Kifunga usivue kazini, na mazoezi usiache.”

Siku aliporudi, hakuna aliyetoa hotuba. Kilikuwa kioo cha kawaida cha dirisha. Shemeji alishika mbele, Twiga nyuma, wakahesabu, wakainua, wakaanza kuvuka uwanja. Twiga alikanyaga kushoto. Kisigino kikakaa, misuli ikavuta, kifundo kikatulia kama kigingi. Akakanyaga tena. Furaha ilikuwa inampanda kifuani alipohisi kioo kinatetemeka mikononi mwake.

Akatazama mguu wake. Ulikuwa imara. Mikono yake pia ilikuwa imara. Mtetemo ulikuwa unatoka upande wa mbele.

“Shemeji,” akaita kwa upole. “Tutue kwanza?”

Shemeji hakugeuka. “Twende tu,” alisema, na mabega yake yalikuwa yamepanda hadi masikioni, kama mtu anayeuficha ukosi wake.