Mstari wa Tano

Profesa Urbain alikuja Butembo kutoka Kisangani na kumaliza somo zima la fizikia kwa siku nne. Somo la miezi miwili, siku nne! Alifundisha kwa Kifaransa, na alipochoka akateremka kwenye Kiswahili cha kwao. Wanafunzi waliandika mpaka vidole vikafa ganzi. Kasika, mmoja wao, hakujisumbua kushindana naye. Aliweka simu juu ya meza ya mbele, akarekodi kila kitu.

Baadaye, nyumbani kwao Mususa, alisikiliza sauti ile kipande kwa kipande na kutoa ndani yake karatasi moja tu: orodha ya kukagua majibu kwa vipimo. Ilikuwa na mistari mitano. Wa kwanza: kabla ya kuanza, geuza santimita ziwe mita, gramu ziwe kilo, kilomita kwa saa ziwe mita kwa sekunde. Wa pili: badala ya kila herufi, weka vipimo vyake. Wa tatu: usijumlishe vitu vya vipimo tofauti, mita na sekunde hazijumlishwi. Wa nne: ndani ya sinus, ile hesabu ya pembe, kusibaki kipimo chochote. Wa tano: pande mbili zikilingana kwa vipimo, jibu ni sahihi, pita kwenye swali linalofuata.

Orodha ilipendwa kupita kiasi. Kabla ya juma kwisha ilikuwa ndani ya simu za promosyo nzima, darasa lao lote, na hakuna aliyeikariri kama Tamar.

Tamar alikuwa binti wa Siméon, mjomba wa Kasika, na wasichana hao wawili walilala chumba kimoja. Wazazi wa Tamar walikuwa Beni, na shamba lao la kakao lilikuwa mbele kidogo ya mji, upande ambao watu walienda asubuhi na wengine hawakurudi kwa sababu ya waasi wa porini. Mwezi uliopita majirani wawili walikwenda kuvuna na hadi leo hawajaonekana. Siméon alikuwa amesema bila ukali: Tamar akianguka tena mwaka huu, chuo kimekwisha, arudi kumsaidia mama yake shambani. Kasika aliogopa shamba lile kuliko Tamar mwenyewe.

Asubuhi ya mtihani, Tamar alikunywa chai akiwa amesimama, daftari mkononi.

"Yaya, ona hii," alimwambia Kasika, aliyemhesabu kama dada mkubwa. "Moto iko na mita kumi kwa sekunde, inapunguza mbili kila sekunde. Itasimama nyuma ya mita ngapi? Nimepata makumi tano. Mbio mara mbio, gawanya na ile ya kupunguza. Mita kwa mita. Inapita!"

Alitia alama tano kando ya jibu, moja kwa kila mstari, akamkumbatia Kasika na kutoka mbio kwenda chuoni Bulengera kutafuta kiti kizuri.

Kasika alibaki na kikombe mkononi. Kuna kitu kilimkera. Moto, pikipiki ile, inasimama kwa sekunde tano. Mwendo wake wa wastani ni mita tano kwa sekunde. Basi ni mita ishirini na tano. Tamar alisahau kugawanya kwa mbili. Na orodha, ile orodha nzuri inayosifiwa na wote, ilimwacha apite.

Alifungua simu na kurudi mwisho wa siku ya pili, pale ambapo mvua ilipiga mabati na yeye akaacha kusikiliza kwa uvivu. Aliibana simu sikioni. Chini ya kelele ya mvua, sauti ya Urbain ilisema: "Vipimo vikikataa, jibu imekufa, futa. Lakini vikikubali, hapana kushangilia! Nusu haina kipimo. Mbili haina kipimo. Pi haina kipimo. Hizo, vipimo haizione. Homogène, haisemi juste: vipimo kulingana, haisemi jibu ni ya kweli."

Mstari wa tano haukuwa wa profesa. Ulikuwa wake. Aliutunga mwenyewe na kuwakabidhi watu themanini.

Alimpigia Tamar, simu ikalia bila kupokelewa. Aliandika kwenye kundi, ujumbe ukakaa na saa yake ndogo, mtandao umekatika. Alipanda moto ya abiria bila kuuliza bei, akilini akimwona Tamar njiani kwenda kwenye kakao na panga mkononi. Alifika auditwari, ukumbi wa mtihani, simu zikiwa zimeshakusanywa na mlango ukifungwa.

"Ingia, kaa, nyamaza," Urbain alisema. "Mwenye kusema na mwenzake, copie yake, karatasi yake ya majibu, inabaki kwangu."

Tamar alikuwa safu tatu mbele. Karatasi zikagawanywa. Kasika alisoma maswali, akafika la tatu: gari lina kilomita sabini na mbili kwa saa, linapunguza mita tano kwa sekunde kila sekunde. Litasimama baada ya mita ngapi? Lilikuwa na alama nyingi kuliko mengine yote.

Ishirini mara ishirini, gawanya kwa mara mbili ya tano: arobaini. Tamar angepata themanini. Zingekuwa mita, safi kabisa, na angetia alama zake tano.

Kasika alijibu swali la kwanza na la pili. Kisha akamwona Tamar anakusanya karatasi zake na kufunika kalamu yake ya bic. Anamaliza mapema, mjinga yule mpendwa! Anatabasamu.

Kasika hajui alipata wapi nguvu. Aliinua mkono.

"Professeur, niko na swali."

"Juu ya nini?"

Aliona kabisa kwamba angeweza kusema si kitu na kukaa. Ni hofu iliyomsukuma, si ushujaa. Hofu moja ilikuwa kubwa kuliko nyingine.

"Mulisema mu cours ya siku ya pili, vipimo haizione nusu," alisema kwa sauti ya kufika hadi mbele. "Jibu inaweza kuwa mita na iko mubaya. Njo vile?"

Tamar aligeuka, akamtazama, akatazama karatasi yake. Bic ikafunuliwa.

Urbain alipanda taratibu kati ya meza mpaka kwake. "Njo vile," alikubali. "Na ile haikuwa swali, mademoiselle. Ilikuwa jibu, umepatia batu bote humu ndani. Ni fraude, udanganyifu, na mwenye fraude anarudilia mwaka."

Akachukua copie yake, akapiga mstari mwekundu kutoka kona hadi kona, na kumwonyesha mlango.

Majuma mawili baadaye matokeo yalibandikwa. Tamar: kumi na moja juu ya ishirini, amepita. Kasika: sifuri. Mama yake Kasika alikaa tu na kutazama mikono yake.

Jioni Siméon alipiga simu kutoka Beni. Tamar alimwambia alama zake, na furaha ya mzee ikasikika chumbani kote.

"Na Kasika je? Yeye njo wa akili kwenu."

Tamar alifungua mdomo na kuanza kulia. Kasika akamnyang'anya simu.

"Mujomba, miye narudilia mwaka. Tamar anabakia huku."

Kisha wakamsikia Siméon akimwita mkewe aliyekuwa uani: "Anabakia! Hatarudi!" Na yule mama, kule Beni, akapiga vigelegele kwa sababu mtoto wake harudi nyumbani.