Unga Hauna Kosa

Muuguzi aliponiuliza jina, nilisema Ildefons Lwakatare. Lilinitoka tu, na nikishalisema nikaona haya kulirudisha. Mimi ni Datius. Nilipanda basi kutoka Bukoba mpaka Muleba ili nisikutane na mtu yeyote anijuaye, na mbele ya daftari la mapokezi bado nikajificha mwenyewe.

Lwakatare ni mwenye jimu pale Kashai, Bukoba, mtoto wa Kamachumu kama mimi. Ndiye aliyenipa kopo la kreatini, unga mweupe unaokorogwa kwenye maji, na baadaye akanipa vitu vingine. Ana mabega mapana na watoto watatu. Labda ndiyo maana jina lake lilikuja haraka hivyo.

Nilikuwa na mke nyumbani, Jovita, na miaka minne bila mtoto. Katika miaka hiyo alikunywa mizizi ya kila aina, michungu ya kukunja uso. Mwaka jana alilazwa kwenye mashine ya picha, wakampitishia dawa kwenye mirija ya uzazi, na mirija ikaonekana mizima. Alirudi amejishika tumbo, akaniuliza, "Na wewe utapima lini?" Nikamwambia mimi niko fiti, haoni mikono hii? Nikikumbuka jibu lile, nasikia aibu mpaka kwenye nywele.

Kilichonisukuma Muleba ni mama yangu. Alikuwa ameita kikao nyumbani kwake Kamachumu, Jumapili baada ya ibada, na Edvina, shangazi yake Jovita, aje kutoka kwao. Kila mtu alijua maana yake. Jovita alikuwa anarudishwa kwao.

Basi wakanipa kichupa cha mdomo mpana na chumba chenye kitanda kimoja. Walikuwa wameniambia kwa simu nikae siku chache bila kumgusa mke, zisizidi saba, na nilikuwa na siku nne. Ukutani kulikuwa na kalenda ya kanisa, kwaya nzima imesimama na majoho ikinitazama. Niliigeuza. Hata hivyo nilihisi sauti ya nne inaniangalia kupitia karatasi.

Majibu alinipa daktari Kyaruzi, mzee mpole wa miwani. Mbegu zilikuwa chache, chache sana.

"Daktari," nikasema, na hotuba yangu nilikuwa nimeshaiandaa tangu kwenye basi, "kuna unga natumia wa mazoezi. Kreatini. Si ndiyo imeniharibu?"

Nilitaka aseme ndiyo. Kopo la unga ni kitu cha kumwonyesha mama. Ningelirusha shimoni mbele ya watu, mambo yakaisha, nikabaki mwanamume aliyedanganywa na kopo.

"Kreatini mwili wako unaitengeneza wenyewe," akasema, "na nyingine unaila kwenye nyama na samaki. Misuli inaitumia kupata nguvu ya haraka. Hata mbegu zina mfumo wa namna hiyo wa kupata nguvu ya kuogelea."

"Kwa hiyo inaziongeza?"

"Sikusema hivyo. Utafiti kwa wanaume kuhusu mbegu na unga huu ni mdogo. Hakuna ushahidi wa maana kwamba inaziharibu, na hakuna aliyethibitisha kwamba inamtibu mwenye chache. Ninachohofia ni makopo yasiyojulikana yalikotoka, maana mengine huchanganywa vitu visivyoandikwa. Wewe unatumia kitu kingine?"

"Hapana."

"Sindano?"

Nikatazama viatu vyangu. Akauliza tena, taratibu, kama mtu anayemuuliza mgonjwa panapouma. Mara ya tatu nikasema ndiyo. Miaka mitano sasa. Lwakatare ananichoma kila wiki. Yeye mwenyewe hajichomi, kama ilivyo kwa mpika rubisi, pombe yetu ya ndizi, mwerevu asiyeionja.

"Hiyo ni homoni ya kiume," akasema. "Ikiingia kutoka nje, ubongo unaona imeshatosha, unaacha kuziamuru korodani zifanye kazi. Kiwanda kinalala. Misuli inanenepa, mbegu zinaisha."

Nilitafuta uanaume kwenye kichupa cha sindano, nikaupoteza humo humo. Nilitamani sakafu inimeze.

"Zitarudi?"

"Wengi zinarudi wakiacha. Inaweza kuchukua miezi, kwa wengine zaidi ya mwaka, na wapo wanaohitaji matibabu. Leo tutatoa damu tupime homoni. Mbegu moja inachukua karibu miezi mitatu kutengenezwa, kwa hiyo urudi baada ya hapo tupime upya, maana kipimo kimoja si hukumu. Na uje na mkeo." Akanikabidhi karatasi. "Pole, bwana Lwakatare."

Nikaipokea kwa mikono miwili.

Jumapili tukakaa sebuleni kwa mama, chai ya maziwa mbele yetu na hakuna anayekunywa. Kulikuwa na mama, shangazi Edvina, mimi, na Jovita juu ya mkeka, kitambaa cha kanisani bado kichwani. Begi lake lilikuwa mlangoni. Alilifunga mwenyewe asubuhi, na mimi nilimwona akilifunga.

Mama alianza kwa upole, na upole wake ndio unaochoma. "Jovita mwanangu, hakuna anayekuchukia. Lakini hata mgomba usiozaa, mtu anauacha miaka mingapi kwenye kibanja?"

Shangazi Edvina akainamisha kichwa. Nikasimama, nikatoa karatasi, nikampa mama. Niliona hiyo ndiyo njia nyepesi. Karatasi iseme, mimi ninyamaze.

Mama alifundisha darasa la nne miaka thelathini, kwa hiyo anasoma kila kitu kuanzia juu. Akavaa miwani. Akasoma jina. Akashuka chini taratibu kwa kidole mpaka kwenye maandishi ya daktari, kisha akarudi juu kwenye jina.

"Mawe!" akamaka kwa kilugha chetu, mkono kifuani. "Ildefons? Huyu wa Kashai? Hana mbegu?" Akamgeukia shangazi Edvina, macho yamewaka. "Sasa wale watoto watatu ni wa nani? Mke wake ametuletea watoto wa nani kubatizwa hapa?"

Mke wake Lwakatare anaitwa Violeth. Anakaa huku Kamachumu na watoto, anaimba na mama kwaya moja. Nikaona kabla ya jioni habari itakuwa imefika kwao, na yeye naye atawekwa kwenye mkeka. Mwanamke wa pili, kwa sababu ya ulimi wangu uleule.

"Mama, si Ildefons," nikasema. "Mtu huyo ni mimi."

Mama akavua miwani.

"Niliandikisha jina la uongo. Nimechomwa sindano za jimu miaka mitano, ndizo zilizoharibu. Hata unga wa watu niliusingizia. Jovita hana kosa."

Nilisema mbiombio, uso chini. Nikasikia shangazi Edvina akivuta pumzi. Mama hakuvuta hata moja. Kidole chake kilibaki juu ya lile jina kana kwamba kimegandishwa.

Jovita akanyanyuka kutoka kwenye mkeka. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kunitazama.

"Siku nilipolala kwenye ile mashine," akasema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nashuku."

"Ukanionyesha mikono yako."

"Ndiyo."

Akaenda mlangoni, akainua begi, akalitundika begani. Shangazi yake naye akasimama. Nilidhani yameisha. Lakini Jovita akageuka pale kizingitini, akaelekeza kidevu kwenye karatasi iliyokuwa mapajani mwa mama.

"Sema tena," akasema. "Usitazame chini. Na safari hii anza na jina lako."

Nikainua uso. Nikaanza na jina langu.